Dakika moja, ukurasa mmoja: hesabu ya kuhifadhi data kwenye flashi bila kuiua

Bodi nyingi zinazoendesha vioski vya maji vya kulipia kwa kadi zinatumia chipu ndogo za bei nafuu, na STM32F103C8 ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Ina flashi ya kilobaiti 64, ambamo programu yenyewe inakaa, na haina EEPROM. Kwa hiyo fundi anayetaka bodi ikumbuke lita zilizouzwa na salio la mteja hata umeme ukikatika huchukua kipande cha flashi hiyohiyo na kuandika humo.

Tuchukue kioski kinachofunguliwa saa 10 kwa siku na kuhifadhi hesabu kila dakika. Hiyo ni mara 600 kwa siku. Mtengenezaji wa chipu anadhamini kila ukurasa wa flashi kufutwa mara 10,000. Kama kila kuhifadhi ni kufuta ukurasa na kuandika upya, gawanya 10,000 kwa 600 na utapata siku 16 na kidogo. Kioski kilichozinduliwa tarehe mosi kinakuwa kimemaliza dhamana ya kumbukumbu yake kabla ya tarehe 18.

Flashi haifi saa ileile inapofika 10,000, na kurasa nyingi huvuka hapo bila kelele. Kinachopungua kwanza ni muda wa kutunza. Kwa chipu hii, ukurasa uliofutwa mara 1,000 tu unadhaminiwa kutunza data miaka 30 katika nyuzijoto 85, lakini ukishafutwa mara 10,000 dhamana ni miaka 20 katika nyuzijoto 55. Sanduku la bati lililofungwa juu ya nguzo juani linaweza kuikaribia nyuzi 55 hiyo, kwa hiyo usitegemee bahati ya kurasa zinazovuka.

Kinachochosha ni kufuta

Biti ya flashi iliyo safi husomeka 1. Kuandika ni kuishusha iwe 0, na kazi hiyo inafanyika kwa vipande vidogo: kwenye chipu hii baiti mbili kwa mara moja, kwa muda usiozidi mikrosekunde 70. Kuirudisha biti kwenye 1 ndiko kugumu. Huwezi kuirudisha peke yake. Lazima ufute ukurasa mzima wa baiti 1,024, na hilo linachukua kati ya milisekunde 20 na 40. Kufuta huku ndiko kunakohesabiwa katika zile 10,000.

Basi swali la kujiuliza ni unafuta mara ngapi, wala si unaandika mara ngapi. Mwenye duka mwenye daftari la madeni hafuti mstari wa jana ili aandike wa leo. Anaandika chini yake, na ukurasa ukijaa anafungua mwingine. Flashi inataka hivyohivyo. Rekodi yetu ina baiti 16:

```c
typedef struct {
    uint32_t namba;  // inaongezeka kwa 1
    uint32_t lita;
    uint32_t salio;
    uint16_t crc;    // ya baiti 12 za juu
    uint16_t alama;  // 0xA55A, mwisho
} rekodi_t;
```

Ukurasa mmoja unachukua nafasi 64 za namna hiyo. Ya kwanza tunaiacha kwa kichwa cha ukurasa, zinabaki 63. Bodi ikiwaka inasoma kurasa zote na kuchagua rekodi nzima yenye `namba` kubwa kuliko zote. Namba hiyo ina biti 32, maana yake inaweza kuhesabu hadi zaidi ya bilioni 4. Hatutafika huko kamwe, kwa hiyo hakuna haja ya kuandaa programu kwa siku itakaporudi sifuri.

Ukizungusha kurasa 2, kila ukurasa unafutwa mara moja tu kwa kila rekodi 126. Dhamana ya kufuta mara 10,000 inakuwa rekodi 1,260,000, ambazo kwa 600 kwa siku ni siku 2,100, yaani miaka 5 na miezi tisa. Ukizungusha kurasa 4 unapata siku 4,200, miaka 11 na nusu. Gharama yake ni kilobaiti 4 kati ya 64, asilimia 6.25 ya nafasi. Mimi nachagua kurasa 4, kwa sababu miaka mitano ni mifupi kwa kifaa ambacho kijiji kinakitegemea, na programu ya kioski haijazi kilobaiti 60.

Kuna jambo jingine la bure kabisa: kabla ya kuandika, linganisha na rekodi ya mwisho. Kama lita hazijabadilika tangu dakika iliyopita, usiandike. Katika kioski ambacho mchana kinakaa kimya kwa saa nzima, hesabu ya 600 inashuka yenyewe.

Bei ya lita na idadi ya mapigo ya sensa kwa lita usiviweke kwenye rekodi hii. Hivyo hubadilika mara chache kwa mwaka, na havina tatizo la uchakavu hata kidogo. Vitengee kurasa 2 za peke yake: nakala mpya inaandikwa kwenye ukurasa usiotumika, inasomwa na kuhakikiwa, na ya zamani haiguswi mpaka siku bei itakapobadilika tena. Ukivichanganya na hesabu ya lita, unaiweka bei ya maji kwenye hatari ya kuandikwa mara 600 kwa siku bila sababu.

Umeme ukikatika katikati

Rudi kwenye njia ya kwanza, ya kufuta kisha kuandika. Kwa takriban milisekunde 41 kila dakika, data ya zamani imeshafutwa na mpya haijakamilika. Katika dakika yenye milisekunde 60,000, hiyo ni nafasi moja kati ya 1,460 hivi. Fundi aliyeijaribu bodi mezani kwa kuchomoa waya mara 20 hataiona kasoro hiyo. Lakini sambaza vioski 200, kila kimoja kikikatikiwa umeme mara moja tu kwa siku saa za kazi: 200 mara 41 gawa kwa 60,000 ni 0.137 kwa siku. Kwa wastani kioski kimoja kinapoteza kila kitu kila wiki.

Na hesabu hiyo ni ya huruma, maana inadhani umeme hukatika wakati wowote bila mpangilio. Ukiihifadhi hesabu pale valvu inapofunguka au pampu inapoanza, umechagua mwenyewe ule wakati ambao volti inashuka ghafla. Kuandika na kuzimika vinaanza kukutana kwa kukusudiwa. Hifadhi sekunde kadhaa baada ya mzigo kutulia.

EEPROM haiponi kwa tatizo hili, ingawa wengi wanaiona salama kwa kuwa haina kurasa za kufuta kwa mkono. ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, ina EEPROM ya baiti 1,024 inayodhaminiwa mara 100,000 kwa kila baiti, na kila baiti inachukua takriban milisekunde 3.4 kuandikwa. Namba ya baiti mbili huandikwa kwa hatua mbili. Chukua salio la lita 255, ambalo ni `0x00FF`, linalopanda kuwa 256, yaani `0x0100`. Umeme ukikatika baada ya baiti ya chini kuandikwa, mteja anakuta `0x0000`: hana kitu. Kama programu inaanza na baiti ya juu, anakuta `0x01FF`: lita 511. Zote mbili ni namba halali kabisa na programu haitashangaa. Tena chipu hiyo inatoka kiwandani ikiwa na kilinda volti kimezimwa. Usipokiwasha, volti ikishuka polepole chipu inaweza kutekeleza amri ovyo na kuandika baiti ambayo hakuna aliyeiomba.

Dawa ni ileile kwa kumbukumbu zote mbili: usiandike juu ya kitu kizuri pekee ulicho nacho, na weka njia ya kutambua kilichoandikwa nusu. Kwenye rekodi yetu kazi hiyo inafanywa na `crc` na `alama`. Tunaandika baiti 14 za kwanza, tunazisoma tena kutoka kwenye flashi na kuzilinganisha, na zikiwa sawa ndipo tunaandika `0xA55A`. Bodi ikiwaka na kukuta nafasi ambayo si tupu wala haina alama, inairuka na kurudi kwenye rekodi iliyotangulia. Hasara ni mauzo ya dakika moja.

CRC ya biti 16 huacha takataka ipite kama data halali mara moja kati ya 65,536. Kwa kuwa tuna alama pia, inatosha. Ila anzisha hesabu yake kwa `0xFFFF`. Ukianza na sifuri, rekodi iliyojaa sifuri tupu itatoa CRC ya sifuri na kuonekana sahihi.

Ukurasa uliofutwa nusu

Hapa ndipo programu nyingi zinazoonekana nzuri zinapovunjika. Kufuta si tendo la kuwasha na kuzima. Ni chaji inayoondolewa kwenye maelfu ya visanduku vidogo kwa milisekunde kadhaa. Umeme ukikatika katikati, baadhi ya biti zinabaki kwenye mpaka. Leo asubuhi ukurasa mzima unasomeka `0xFF`, unaonekana safi. Mchana chipu ikipata joto, biti zilezile zinasomeka 0. Kwa hiyo kuangalia kama ukurasa ni mtupu hakuthibitishi kwamba ulifutwa ukakamilika.

STM32F103C8 ina kanuni moja inayotusaidia. Hairuhusu kuandika mahali pasipo `0xFFFF`, isipokuwa unachoandika kiwe `0x0000`. Basi kabla ya kuanza kufuta, andika `0x0000` juu ya alama ya kichwa cha ukurasa: umeutangaza kuwa batili. Futa. Kufuta kukikamilika, andika kichwa kipya chenye idadi ya mara ulizofuta na alama ya usafi. Bodi ikiwaka na kukuta ukurasa usio na alama ya usafi, inaufuta tena bila kujali unasomekaje. Kama umeme ulikatika kabla kichwa hakijaandikwa, idadi ya ufutaji unaichukua kwa ukurasa wa jirani, maana kurasa zinazungushwa sawasawa na tofauti haizidi moja au mbili.

Rekodi ya mwisho nayo inaweza kuwa mpakani: imesomeka vizuri leo, kesho inaweza kukataa. Njia rahisi ni bodi kuinakili rekodi hiyo mara moja kila inapowaka. Gharama ni nafasi moja kati ya 63.

Lakini nakala hiyo ina mtego wake kwenye kioski cha sola kisicho na betri. Jioni jua likipungua, volti inapanda kidogo, bodi inawaka, inavuta mkondo, volti inaanguka, bodi inazima, na mchezo unaanza upya. Mzunguko wa sekunde 2 kwa nusu saa ni kuwaka mara 900. Ukinakili kila mara, jioni moja imekula zaidi ya siku nzima ya kazi, na kila uandishi umefanyika volti ikiwa mbovu. Isubiri volti itulie sekunde 5 mfululizo kabla ya kuandika chochote. Mzunguko wa sekunde 2 hautafika hapo, na idadi ya 900 inakuwa sifuri.

Kapasita ndogo inatosha, ukifuta mapema

Wapo wanaotaka kutopoteza hata ile dakika moja, nao wana haki, kwa sababu ni pesa ya mtu. Chipu ina kitambuzi cha volti kinachoweza kutoa taarifa reli ya 3.3 V inaposhuka hadi takriban 2.8 V. Chipu yenyewe inaendelea kufanya kazi hadi 2.0 V, tuiachie nafasi na tuseme tunasimama kwenye 2.2 V. Kazi yote lazima iishe wakati volti inashuka kwa 0.6 V.

Tuseme bodi inavuta milliampea 30 baada ya kuzima taa na redio. Rekodi ya baiti 16 ni uandishi mara 8, kila mmoja mikrosekunde 70, jumla 560. Tuseme milisekunde 1 pamoja na kukokotoa CRC. Uwezo wa kapasita ni mkondo mara muda, gawa kwa tofauti ya volti:

```
0.03 × 0.001 / 0.6 = mikrofaradi 50
0.03 × 0.041 / 0.6 = mikrofaradi 2,050
```

Mstari wa pili ni pale ambapo bodi inagundua, umeme ukiwa unaondoka, kwamba ukurasa umejaa na lazima ifute kwanza. Tofauti ni mara 41, kati ya kapasita ya kawaida iliyopo karibu kwenye kila bodi na kopo kubwa linalohitaji nafasi yake. Wala hulihitaji: mara tu unapoingia ukurasa mpya, futa ule wa zamani kuliko wote wakati umeme ni mzuri, ili daima kuwe na ukurasa ulio tayari mbele yako. Weka mikrofaradi 100 badala ya 50, kwa kuwa kapasita huzeeka, na diodi kabla ya regyuleta ili valvu isiinyonye chaji hiyo.

Kufuta mapema kuna bei yake ndogo. Programu inasomwa kutoka flashi hiyohiyo, kwa hiyo wakati wa kufuta chipu inasimama hadi milisekunde 40. Sensa ya mtiririko aina ya YF-S201 hutoa mapigo 450 kwa lita. Maji yakienda lita 20 kwa dakika hayo ni mapigo 150 kwa sekunde, na 6 yanapita chipu ikiwa imesimama. Ukiyahesabu kwa intarapti utabakiwa na moja. Yapeleke kwenye taima ya chipu, ambayo inahesabu yenyewe bila kuingoja programu, au ufute tu valvu ikiwa imefungwa.

Lini uache flashi

Anayetaka kuhifadhi kila sekunde ana rekodi 36,000 kwa siku ya saa 10. Kurasa zetu 4 zinabeba rekodi 2,520,000. Zinaisha kwa siku 70. Chipu ya EEPROM ya nje kama AT24C256, yenye dhamana ya mara milioni 1 kwa kila ukurasa na kurasa 512, inaimudu kazi hiyo ukizizungusha, ila kila uandishi unachukua hadi milisekunde 5. Juu yake ipo FRAM: MB85RC256V ina ukubwa uleule wa kilobaiti 32, haifutwi, haisubiri, na inadhaminiwa mara trilioni 1 kwa kila baiti. Bei yake ni mara kadhaa ya EEPROM. Kwa kazi ya kila sekunde nailipa bila kusita, kwa sababu safari moja ya fundi kwenda kijijini inazidi bei ya chipu hiyo. Kwa kazi ya kila dakika siioni sababu. Na FRAM haikuondolei haja ya CRC na alama: umeme ukikatika kati ya baiti ya tano na ya sita, rekodi bado ni nusu.

Wanaohamia chipu mpya zaidi, kama STM32L4, wajue kwamba huko uandishi ni baiti 8 kwa pamoja zikiwa na biti za kusahihisha makosa. Rekodi iliyoandikwa nusu inaweza kuirusha chipu kwenye hitilafu ya NMI pale tu inaposomwa, na bodi ikakwama kila inapowaka. Programu lazima iishike hitilafu hiyo na kuihesabu nafasi hiyo kuwa mbovu, kisha iendelee.

Kuijaribu kwa makusudi

Bodi ikirudishwa na mteja, soma kurasa zake kabla ya kufanya kingine chochote:

```
st-flash read kurasa.bin 0x0800F000 0x1000
hexdump -C kurasa.bin
```

Kila mstari wa `hexdump` ni baiti 16, yaani rekodi moja, kwa hiyo unasoma historia ya kioski kwa macho. Ukikuta rekodi moja mbovu mwishoni mwa mfululizo mzuri, umeme ulikatika katikati ya kuandika. Ukikuta mbovu nyingi zimetawanyika kwenye ukurasa mmoja, na kichwa kinasema umefutwa mara elfu nyingi, huo ni uchakavu.

Lakini usingoje irudishwe. Tumia bodi ya pili na transista kuikatia umeme ya kwanza baada ya muda maalumu tangu ufutaji uanze, ukiongeza mikrosekunde 100 kila mara hadi ufike milisekunde 45. Ni mikato 450. Kwa sekunde 3 kila mmoja, inaisha kwa dakika 22 na nusu. Rudia duru hiyo mara 10, na baada ya kila mkato programu ithibitishe kwamba rekodi ya mwisho iliyothibitishwa bado ipo. Mikato hiyo 4,500 inaweza kula karibu nusu ya dhamana ya ukurasa unaofutwa, kwa hiyo bodi ya majaribio isiuzwe baadaye. Toa bodi moja sadaka kabla hujasambaza 200.